Kuilinda Hati Moja Mikononi mwa Wasahihishaji Wengi

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watendaji wa vyama vya msingi)



Chama cha msingi kinapotaka kurekebisha masharti yake, rasimu ya marekebisho hupita mikononi mwa watu kadha kabla ya kufika mbele ya mkutano mkuu. Mwenyekiti huisoma, mhasibu huisoma, mwanasheria wa chama kikuu na afisa ushirika nao huisoma. Zamani kila mmoja aliandika masahihisho yake kwa kalamu pembeni mwa karatasi, na mwandiko wake ulimtambulisha. Siku hizi rasimu huandikwa kwa kompyuta, na kwa kawaida katika programu ya Word. Humo badiliko laweza kuingia lisiache dalili yoyote kwa msomaji, na hapo ndipo penye hatari.

Programu hiyo inayo njia ya kuonyesha masahihisho. Katika ukurasa wa amri uitwao "Review" kuna kitufe cha "Track Changes". Kikiwashwa, kila neno linaloongezwa hutiwa rangi, kila linalofutwa huonyeshwa kuwa limefutwa, na jina la aliyefanya hivyo huwekwa pamoja na saa. Lakini kitufe hicho huzimika kwa kubonyezwa mara moja tu. Mtu akikizima, kwa kujua au kwa kutojua, aliyoyaandika wakati huo huonekana kama kwamba yalikuwamo tangu mwanzo. Kwa hiyo, alama za rangi zaonyesha mabadiliko yaliyofanywa kitufe kikiwa kimewashwa. Hazithibitishi kwamba hakuna mengine.

Yafaa kueleza kisa kimoja cha chama cha wakulima wa kahawa, ambacho jina lake halina haja ya kutajwa. Rasimu ya tatu ya masharti yake ilipelekwa kwa wasahihishaji wanne. Katibu muhtasi wa bodi aliteuliwa kuwa mtunza hati, na ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kugusa nakala mama. Kabla ya kupeleka, alikubali au kukataa masahihisho yote ya zamani ili rasimu iwe safi, akaiwekea kila msahihishaji nakala yenye jina linaloeleweka, kwa mfano:

```
Masharti_R3_2024-03-11_mhasibu.docx
```

Mwaka umetangulia ili mafaili yajipange yenyewe kwa tarehe. Neno "mwisho" halikutumika katika jina la faili, kwa kuwa kila rasimu huitwa ya mwisho mpaka itakapokuja nyingine.

Nakala nne ziliporudi, ile ya mhasibu ilikuwa na masahihisho 15 yenye alama. Yote yalikuwa ya maana na hayakumtia mtu shaka. Hata hivyo mtunza hati hakuyaingiza mara moja. Alifanya kwanza jaribio ambalo kila mtendaji aweza kulifanya kwa dakika chache.

Jaribio lenyewe ni hili. Alitengeneza nakala ya pili ya faili la mhasibu, akalifungua, akachagua amri ya "Reject All Changes", yaani kukataa masahihisho yote yenye alama. Kisha akaihifadhi kwa jina jingine. Ikiwa mhasibu alifanya kila kitu kitufe kikiwa kimewashwa, maandishi yaliyobaki yangepaswa kuwa sawa, neno kwa neno, na rasimu aliyopelekewa. Ili kuhakikisha, alichagua "Compare" katika ukurasa uleule wa "Review", akaweka rasimu iliyopelekwa mahali pa "Original document" na ile iliyokataliwa masahihisho mahali pa "Revised document". Aliondoa pia alama ya tiki kwenye "Formatting", ili tofauti za ukubwa wa herufi na mistari zisifunike tofauti za maneno.

Zilitokea tofauti mbili. Katika kifungu cha 31, rasimu iliyopelekwa ilisema kwamba bodi yaweza kuidhinisha matumizi yasiyozidi shilingi 5,000,000 bila kibali cha mkutano mkuu. Faili la mhasibu lilisema shilingi 15,000,000. Katika kifungu cha 12 ilikosekana sentensi moja nzima, ile inayompa mwanachama haki ya kuona daftari la hesabu. Wala tarakimu hizo wala pengo hilo havikuwa na rangi yoyote.

Mhasibu alipoulizwa, alishangaa kuliko wote. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuandika juu ya nakala aliyopelekewa. Katika kijiti chake cha kuhifadhia mafaili ilikuwamo rasimu ya pili, na hiyo ndiyo aliyoifungua, akaisahihisha kwa uaminifu, akaipa jina la nakala mpya. Katika rasimu ya pili kiwango kilikuwa shilingi 15,000,000, na sentensi ya kifungu cha 12 ilikuwa haijaongezwa. Bodi ilikwisha kuyaamua mambo hayo yote mawili, na uamuzi wake ulikuwa karibu kufutwa na faili la kale.

Je, ingekuwaje kama jaribio lisingefanywa? Mtunza hati angetumia amri ya "Combine", ambayo huunganisha nakala mbili mbili na kuhifadhi alama za kila msahihishaji. Amri hiyo ni nzuri, lakini hupokea tofauti za rasimu ya kale kana kwamba nazo ni mapendekezo. Kati ya alama nyingi za watu wanne, tarakimu moja isingeonekana kwa urahisi, na mtu mwenye haraka angebonyeza "Accept All Changes". Ndipo wanachama wangepigia kura masharti ambayo bodi yao haikuyapendekeza.

Katika kisa hiki, mtunza hati aliingiza masahihisho 15 ya mhasibu kwa mkono katika nakala mama, huku kitufe kikiwa kimewashwa, kisha akaziunganisha nakala tatu nyingine ambazo zilifaulu jaribio. Pale wasahihishaji wawili walipotofautiana juu ya sentensi moja, hakuamua yeye; aliipeleka bodi, na uamuzi ukaandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Ipo pia kinga ya awali. Chini ya "Track Changes" kuna amri ya "Lock Tracking", ambayo huweka neno la siri ili kitufe kisizimwe. Inasaidia dhidi ya usahaulifu. Lakini haimzuii mtu kufungua faili la zamani, kama alivyofanya mhasibu, wala si kufuli la kumzuia mtu mwenye nia mbaya. Kwa hiyo haiondoi haja ya jaribio.

Limebaki jambo la kumalizia. Kuchagua "No Markup" huficha alama tu, hakuziondoi. Hati ikipelekwa hivyo kwa Mrajis, atakayeifungua aweza kuona kila kilichofutwa na kila maoni ya pembeni. Mtunza hati hana budi kukubali au kukataa kila sahihisho, kisha kufuta maoni kwa amri yake ya pekee, kwa sababu kukubali masahihisho hakufuti maoni. Baada ya hapo ailinganishe hati safi na masharti yanayotumika sasa, kwa amri ileile ya "Compare", na kuichapa orodha ya tofauti zilizotokea. Orodha hiyo ndiyo ya kusomwa mbele ya mkutano mkuu, kifungu kwa kifungu, ili mwanachama ajue ni maneno gani hasa anayoyapigia kura. Nakala za wasahihishaji zihifadhiwe kama zilivyorudi, zisiguswe, mpaka masharti yatakapokuwa yameandikishwa.