Mzigo wa kwanza kwa hela ya kikundi: hesabu ya mchele wa Kahama

(Nilichozungumza kwenye kikao cha vijana. Nimeandika karibu kama nilivyosema.)

 Nimeombwa niongee kuhusu mikopo, na najua mlitegemea mwanafunzi wa sheria aje na vifungu. Vifungu vipo viwili vitatu, vitakuja mwishoni. Kwanza nataka tupige hesabu ya binamu yangu, kwa ruhusa yake, maana kosa alilofanya naliona kila mahali huku kwetu.

Binamu yuko Kahama, kwenye kikundi cha hisa. Kila wiki wanakaa, wananunua hisa, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Alikuwa ameweka 160,000. Katiba yao, kama ilivyo kwa vikundi vingi, inamruhusu mwanachama kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Akakopa zote: 480,000. Riba asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu, wadhamini wawili. Rejesho kwa mwezi ni 160,000 ya mkopo na 24,000 ya riba, jumla 184,000.

(Kabla hujasaini, muulize katibu: riba inapigwa kwenye mkopo wote kila mwezi, au kwenye salio linalobaki? Kwa mkopo huu, njia ya kwanza unalipa riba 72,000, ya pili 48,000. Asilimia ni ile ile 5.)

Biashara yake ilikuwa mchele. Ananunua Kahama, anapeleka machimboni upande wa Nyarugusu, Geita. Kilo 200 kwa 2,000 ni 400,000. Gari, magunia na wabebaji 30,000. Kwa hiyo kila kilo imemgharimu 2,150. Akauza 2,400. Faida 250 kwa kilo, yaani 50,000 kwa mzigo mzima, na mzigo unaisha kwa wiki mbili. Kwenye daftari ilipendeza sana.

Sasa tuchukulie hakuna kitu kilichoharibika. Mwezi wa kwanza mizigo miwili, faida 100,000. Rejesho 184,000. Umeona? Faida haitoshi rejesho. Hiyo 84,000 iliyopungua inatoka kwenye mtaji wenyewe, kwa hiyo mwezi wa pili anaanza na 396,000 badala ya 480,000. Mzigo unakuwa mdogo, faida nayo inapungua, rejesho halipungui. Mwezi wa pili ukiisha amebaki na kama 304,000, wa tatu kama 190,000. Hiyo 190,000 ndiyo mtaji wake halali, hana deni la mtu. Siyo mbaya hata kidogo! Ila nimehesabu kama vile hali chakula wala hapangi chumba. Akitoa 2,000 tu kwa siku ya kujikimu, kwa siku 90 ni 180,000. Habaki hata na 10,000, maana hela ya kula nayo inapunguza mtaji na faida yake.

Ndiyo maana nasema anayefuata mzigo wa kwanza kwa mkopo lazima awe na pengine pa kula kwa miezi hiyo mitatu. Binamu alikuwa anakula kwa shangazi, kwa hiyo hapo alipona. Kilichommaliza ni mali kauli.

Mnaotoka machimboni mnajua. Mchimbaji wa duarani mara nyingi halipwi mshahara. Anasubiri mawe yatoke, yapite karasha, yachenjuliwe, ndipo apate mgao. Duara likikubali ana hela kuliko sisi wote humu. Likigoma, hana hata ya sabuni, na anakula mchele ule ule. Anakwambia, "Dada, tukipiga mawe nakulipa." Hadanganyi. Ni kwamba siku ya kupiga mawe haijulikani, na siku ya rejesho inajulikana.

Mzigo wa kwanza alikopesha kilo 70, wa pili kilo 60. Jumla 312,000 ziko mikononi mwa watu. Rejesho la kwanza alilipa, akabaki na 75,000 mfukoni na deni la 368,000. Mtaji wa 75,000 unanunua kilo 35 hivi. Biashara ilishakufa hapo, ila yeye hakujua, kwa sababu daftari lilikuwa linaonyesha faida.

Shikeni namba hii moja tu, mengine sahauni. Kilo moja isiyolipwa imekula 2,150 zako. Wewe unapata 250 kwa kilo. Kuifidia inabidi uuze kilo 9 kwa hela taslimu. Mtu akikuomba kilo 5 kwa kauli, anakuomba faida ya kilo zaidi ya 40.

Basi, kukatokea rashi sehemu nyingine, nusu ya wadeni wakahama usiku. Alikusanya 140,000, nyingine 172,000 hazijarudi mpaka leo.

Hapo ndipo alipokaribia kausha damu. Kuna mtu alimpa ofa ya 200,000, arudishe 10,000 kila siku kwa siku 30. Hiyo ni 300,000. Faida yake kwa siku ilikuwa kama 3,500 mambo yakiwa mazuri. Alipee wapi 10,000? Na huyo bwana alitaka asaini karatasi ya mauziano ya kiwanja cha mama yake, "kama dhamana tu". Kamanda, karatasi ya mauziano ni mauziano. Ukifika mahakamani unasema ilikuwa dhamana, mwenzako anaonyesha sahihi yako. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na vikundi vyetu vya kijamii navyo visajiliwe. Mwombe akuonyeshe leseni, halafu angalia uso wake.

Alichofanya badala yake ni kwenda kwa mwenyekiti siku nne kabla ya kikao, na daftari lake. Tulisoma katiba wote wawili usiku. Ilikuwa inaruhusu kulipa riba tu na kusogeza rejesho mwezi mmoja, ukiomba kabla. Ukishachelewa ni faini na wadhamini wanaitwa. Lile neno "kabla" ndilo lililowaokoa wadhamini wake. Kilichobaki kilikatwa kwenye hisa zake siku ya kuvunja sanduku. Wenzake waligawana, yeye akatoka mikono mitupu. Alilia, lakini hakuna aliyekuja kubeba kitanda cha mama.

Safari ya pili alikaa mzunguko mzima akiweka akiba, akakopa sawa na akiba yake, siyo mara tatu. Hapo hata mzigo ukipotea wote, mkopo wenyewe unafidiwa na hisa zake, mdhamini anabaki kuulizwa riba tu. Na hauzi tena kwa wachimbaji moja kwa moja. Anawauzia mama lishe kilo tatu, nne, kila mmoja analipa jioni akifunga, maana yeye kapokea hela ya sahani siku hiyo hiyo. Bei kashusha mpaka 2,350. Akishapokea, 2,150 ya kila kilo inaingia kopo moja, 200 kopo jingine. Rejesho linaanzia kwenye kopo la pili. Kila jioni anaangalia kama la kwanza limeguswa.

Kuhusu ile asilimia 10 ya halmashauri, yaani nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu: haina riba, na ni haki yetu kuiulizia. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Ila kwa kawaida inatolewa kwa kikundi na inachukua muda, kwa hiyo usiipangie mzigo wa wiki ijayo. Na kikundi ndicho kinachodaiwa, kwa hiyo mwenzako akikopesha machimboni, mnadaiwa wote.

Kuna kamanda alinyoosha mkono akauliza, je, mchimbaji akiacha simu yake rehani? Nilimjibu: umeshajaribu kuuza simu ya mtu Nyarugusu mwenyewe akiwa bado yupo Nyarugusu?