Kupanga Zamu za Wafanyakazi Wanafunzi: Kuanzia Ubaoni Kasapa hadi Dukani Mjini

Mada kwa ajili ya semina ya wasimamizi wa biashara ndogo, Lubumbashi

Utangulizi

Nazungumza na wale wanaoajiri wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa vyuo vya juu vya hapa mjini: kwenye maduka ya fotokopi na kuchapa kazi, vibanda vya pesa za simu, maduka ya dawa na mikahawa. Nitachagua duka la fotokopi liwe mfano wangu, kwa sababu hapo ugumu wa jambo hili unaonekana wazi. Wakati wa mitihani wateja wanajaa wakitafuta silabasi na maswali ya miaka iliyopita, na wakati huohuo wafanyakazi wetu nao wanaingia kwenye mitihani. Hoja yangu ni kwamba pengo hilo la wafanyakazi halizibwi mwezi wa mitihani. Linazibwa siku ya kuajiri, na baada ya hapo linalindwa na ratiba inayofanyiwa kazi kila wiki.

Ratiba ya masomo ilivyo kweli

Mwanafunzi hana uwezo wa kulihamisha somo lake, lakini somo lenyewe huhama. Wengi wetu tunamwomba mwanafunzi ratiba mwanzoni mwa muhula, tunaibandika ukutani, kisha tunashangaa anapokosekana. Tukumbuke jinsi masomo yanavyotolewa. Profesa mgeni anaweza kufika kutoka Kinshasa na kutoa somo zima kwa wiki moja au mbili, asubuhi na mchana. Wiki hiyo promosheni nzima haipatikani. Wiki inayofuata, mwanafunzi yuleyule anaweza kuwa na siku tatu tupu.

Kwa hiyo tunahitaji ratiba mbili. Ya kwanza ni ya msingi: inaonyesha siku na saa ambazo kila mfanyakazi huwa na nafasi, na inadumu muhula mzima. Ya pili ni ya wiki, na inatoka baada ya ratiba ya masomo kubandikwa kwenye valvu za fakalti. Mpe kila mfanyakazi wajibu mmoja: apige picha ya tangazo au aombe uthibitisho kwa shefu wa promosheni yake, na akutumie kabla ya Jumamosi mchana. Jumamosi jioni unatoa zamu za wiki inayokuja. Asiyetuma kwa wakati anabaki na zamu zake za msingi, na akishindwa kuja ni juu yake kutafuta wa kumshikia.

Usisahau safari. Somo likiisha saa 5:30 asubuhi Kasapa, mtu hawezi kuanza kazi mjini saa 5:30. Acha saa nzima katikati, na msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, acha zaidi.

Mfano wa duka moja

Tuchukue duka linalofunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa 1:30 asubuhi hadi saa 1:30 jioni. Tuigawe siku kwa zamu tatu za saa nne nne. Zamu fupi inaingia kwa urahisi kati ya masomo; zamu ya saa nane inamfungia nje karibu kila mwanafunzi. Kila zamu inahitaji watu wawili, kwa hiyo wiki nzima ina nafasi 36.

Mfanyakazi mmoja wa kudumu anashika asubuhi na mchana Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na Jumamosi asubuhi. Hizo ni nafasi 11, yaani saa 44, chini ya saa 45 ambazo Sheria ya Kazi namba 015/2002 inaweka kuwa mwisho wa wiki. Zinabaki nafasi 25. Wanafunzi watano wakichukua tano kila mmoja, yaani saa 20, hesabu inakamilika.

Sasa, nani awekwe wapi? Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuanza na Jumatatu asubuhi na kushuka hadi Jumamosi. Anza na nafasi ambayo ina watu wachache wanaoiweza. Tuseme Jumatano mchana, kando ya yule wa kudumu, anaweza mwanafunzi wa agronomia peke yake, huku Jumanne mchana wanaweza watatu. Ukimjazia zamu zake tano kabla ya kufika hapo, utabaki na pengo ambalo hakuna wa kuliziba, ingawa saa za watu kwa jumla zilitosha. Mpe Jumatano kwanza, kisha hesabu upya nani anaweza nini, na uendelee na nafasi inayofuata kwa ugumu.

Mitihani inapokaribia

Mtu aliye kwenye mitihani tumpunguzie hadi zamu mbili kwa wiki. Wanafunzi wote watano wakitoka promosheni moja, watatoa nafasi 10 tu kati ya 25. Pengo la nafasi 15 haliwezi kuzibwa na yeyote, tena katika wiki ambazo foleni ni ndefu kuliko zote.

Lakini ukiwa umeajiri kutoka fakalti na miaka tofauti, mmoja wa sheria, mwingine wa tiba, mwingine wa politekiniki, mwingine wa agronomia, mwingine wa chuo cha ualimu, mitihani yao kwa kawaida haianzi siku moja. Ikitokea wawili wako kwenye mitihani, hao wanatoa nafasi 4 na watatu waliobaki wanatoa 15. Jumla ni 19, na pengo ni nafasi 6. Hizo anaweza kuzichukua mtu mmoja wa akiba: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyemaliza masomo na anaandika kazi yake ya kumaliza, au aliyehitimu na bado anatafuta ajira. Mtu huyo mtafute miezi miwili kabla na mfundishe mashine mapema, maana wiki ya foleni hakuna wa kumfundisha.

Usipange kwa tarehe za mwaka jana. Mgomo wa maprofesa au kuchelewa kwa masomo kunasogeza kalenda yote. Fuata dalili: masomo ya mwisho yamefungwa, ratiba ya mitihani imebandikwa. Siku inapobandikwa, kaa na kila mfanyakazi muweke alama kwenye siku zake. Jioni ya kuamkia mtihani asipangwe. Siku ya mtihani wa mdomo asipangwe kabisa, kwa sababu wanaitwa mmoja mmoja na anaweza kusubiri hadi jioni. Sesheni ya pili isubiri matokeo, kwani kabla ya hapo hata mwanafunzi mwenyewe hajui kama ataifanya.

Dalili za ratiba mbovu

Andika kila kuchelewa na kila kubadilishana zamu. Mtu mmoja akichelewa zamu ileile wiki tatu mfululizo, na zamu nyingine anawahi, basi saa ya kuanza haiendani na safari yake: isogeze. Maombi ya kubadilishana yakirundikana Jumatatu, ujue ratiba yako inatoka kabla ya ile ya chuo. Na asiyeomba ruhusa kamwe wakati wa mitihani muulize, maana huenda anaogopa kupoteza kazi na anaacha kusoma.

Mapendekezo ya kujadiliwa

Kwanza, fomu ya kuajiri iulize fakalti, promosheni na mahali mtu anapokaa, na tusiajiri zaidi ya wawili wa promosheni moja. Pili, kupunguziwa zamu wakati wa mitihani kuandikwe kwenye mkataba, pamoja na malipo yake yatakavyohesabiwa, ili kusiwe jambo la kuombaomba. Tatu, saa zilizopungua mfanyakazi aweze kuzifidia wakati wa likizo, wenzake waliomshikia wanapokwenda kupumzika. Naomba tuanze mjadala na hili la pili, kwa kuwa ndilo lenye gharama kwa mwenye duka.