Mtoto wa Siku Tatu
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Leo twasema juu ya mtoto ambaye hajamaliza juma moja tangu kuzaliwa. Mhudumu wa afya ya jamii akija kumtazama, sisi wanaume hutoka nje, tukidhani hiyo ni kazi ya wanawake. Basi akituambia tumpeleke mtoto hospitali usiku huo huo, hatuelewi ameona nini.

Tuchukue nyumba ya mwenzetu mmoja. Mhudumu alipiga hodi, akanawa mikono kwa sabuni, akamwuliza mama habari. Mama akajibu, "Mtoto ni mpole, dada. Tangu asubuhi amelala tu." Baba alifurahi. Mhudumu hakufurahi, kwani mtoto wa siku tatu hupaswa kunyonya mara nane au zaidi kwa mchana na usiku.

Hakumwamsha mara moja. Mtoto akilia, pumzi haihesabiki vizuri. Alimfunua kifua, akashika saa yenye mshale wa sekunde, akahesabu dakika nzima. Hakuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, kwani mtoto mchanga huvuta pumzi mbio, kisha hutulia kidogo. Alipata 68. Ikifika 60 au zaidi lazima kuhesabu tena. Akahesabu, akapata 66. Hiyo ni hatari. Akatazama pia kama kifua chabonyea ndani sana mtoto avutapo pumzi, hakikubonyea.

Kisha alitazama kitovu kama kina usaha au wekundu, na nyayo kama ni za manjano. Vyote vilikuwa safi. Akaweka kipima joto kwapani: 35.2. Sote twaogopa homa, yaani 37.5 na zaidi, lakini chini ya 35.5 pia ni hatari, maana mtoto mchanga mgonjwa huweza kupoa badala ya kuwaka moto. Mwisho akamwambia mama amnyonyeshe. Mtoto hakushika titi.

Ndugu, dalili moja tu kati ya hizo ingetosha. Baba akasema, "Tungoje kesho, nitafute nauli." Mhudumu akamjibu, "Baba, huyu hawezi kungoja kesho." Akamweka mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akamvika kofia, akawafunika wote wawili, akaandika barua ya hospitali. Alikataza maji na dawa za kienyeji. Jirani alitoa nauli. Huko hospitali walikuta maambukizi katika damu, wakamchoma sindano siku kadhaa, naye akarudi nyumbani akinyonya.

Basi twaomba hivi: mwanachama ambaye mkewe ni mja mzito aweke nauli ya hospitali kando kabla ya kujifungua. Na mhudumu akija, tukae ndani, tumshikie saa.