Hotuba ya Katibu wa Tawi: Supu Iliyolala Sufuriani



Nasema juu ya ile supu ya makongoro ya siku ya kuzibua mtaro, maana maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema nyama ilikuwa mbovu. Siyo. Nyama ilikuwa nzuri. Kosa ni letu tulioipika, na mimi nikiwemo.

Tulipika sufuria moja la lita 40. Saa 3 usiku tuliipua, tukafunika, tukaenda kulala. Saa 12 asubuhi nikagusa: ilikuwa bado ya moto kiasi, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Tukaipasha kidogo tu, watu wakanywa. Usiku ule watu 11 walishikwa na tumbo la kukata na kuhara.

Wako vijidudu vya nyama vyenye mbegu ngumu. Ukichemsha, vijidudu vinakufa, lakini mbegu zinabaki. Supu ikipungua moto zinaamka, na penye joto la nyuzi 43 hadi 47 vijidudu huongezeka maradufu kila dakika 10 hivi. Sufuria kubwa hutoa joto juu na pembeni tu, katikati linakaa. Kwa hiyo tuliwapa usiku mzima. Harufu haikubadilika, wala ladha.

Mama mmoja aliuliza: je, tungeichemsha sana asubuhi? Vijidudu hivyo vingekufa, kweli. Lakini viko vingine vinavyoacha sumu ambayo moto hauiondoi. Supu iliyolala vuguvugu imwagwe, hata kama inauma.

Sasa kipimo. Supu ikishafika nyuzi 60, ishuke hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Hapa Mbagala hata usiku wa baridi haukaribii nyuzi 5, kwa hiyo kuiacha uani ipoe yenyewe haiwezekani, hata ukisubiri mpaka kesho kutwa.

Fanyeni hivi. Igaweni kwenye sufuria ndogo, kina kisizidi vidole vinne. Zikalisheni ndani ya karai la maji, yafike usawa wa supu, na mkoroge. Maji yakipata moto, mwageni, wekeni mengine. Maji matupu yanaondoa moto mkali upesi, ila hayamalizi kazi. Mwishoni lazima barafu iwe ndani ya karai. Barafu ya mtaani msiitie kwenye supu yenyewe, hatujui maji yake. Ikipoa, ndipo iingie kwenye friji. Msiingize sufuria kubwa la moto humo: katikati halitapoa, na maziwa ya watu yataharibika.

Kama hakuna barafu wala friji, supu ibaki jikoni juu ya mkaa, ya moto kabisa, mtu akiilinda, au igawiwe na kuliwa usiku uleule. Kwa kazi ya mtaro ijayo tutapika alfajiri, na zamu ya kwanza ya kuchochea mkaa nimeichukua mimi.