Wasifu Unasema Doha, Kazi Iko Voi



Tangazo la kazi linasema kituo ni Voi. Wasifu unaofika mezani unaonyesha Doha, Qatar, na nambari ya simu inaanza na +974. Mwombaji ni muuguzi mwenye uzoefu wa miaka mitano wodini. Afisa mwenye mafaili mengi huvutiwa kuliweka hilo kando na kuendelea. Hapo ndipo kaunti hupoteza muuguzi bila hata kujua kwamba imempoteza.

Kwanza, afisa ajiulize anwani ile inathibitisha nini hasa. Mara nyingi haithibitishi mengi. Sanduku la posta la Wakenya wengi ni la shule waliyosoma, la kanisa au la mjomba. Mtu anayelala Voi kila usiku anaweza kuandika S.L.P. ya Nairobi, na aliyeko ng'ambo akaandika 80300, ambayo ni Voi. Anwani pia haionyeshi uraia. Mkenya aliye Doha hahitaji kibali ili afanye kazi nyumbani, lakini mgeni anayeishi Voi huenda akakihitaji.

Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Kwa hiyo, kuishi kaunti nyingine si kosa la kumwondoa mtu kwenye orodha. Hali ni tofauti pale makazi yanapokuwa sehemu ya kazi yenyewe, kama ilivyo kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao huchaguliwa kutoka kwa wakaazi wanaowahudumia. Sharti kama hilo liandikwe kwenye tangazo tangu mwanzo, lisizuliwe wakati wa kuchuja.

Hatua ya pili ni kusoma tarehe. Kazi ya mwisho ikiwa imeandikwa "hadi sasa", mwombaji bado yuko huko. Ikiwa iliisha miezi kadhaa iliyopita, huenda amesharudi na hakubadilisha anwani. Wasifu usipotoa jibu, afisa aulize kwa maandishi, na maswali yawe yale yale kwa kila mwombaji ambaye anwani yake haioani na kituo:

"Kituo cha kazi ni Voi. Tafadhali tueleze uko wapi kwa sasa, na ukipewa kazi unaweza kuripoti tarehe gani. Jibu ndani ya siku 3 za kazi."

Jibu liwekwe kwenye faili. Mtu akilalamika baadaye, ushahidi upo.

Katika mfano huu, muuguzi alijibu kwamba bado yuko kazini, na kwa kuwa amemtumikia mwajiri zaidi ya miaka 2, sheria ya Qatar inamtaka atoe ilani ya miezi 2. Barua ya kaunti nayo inataka aripoti ndani ya siku 30. Sasa tatizo limeonekana lilipo: ni siku 30 za ziada. Bodi inaweza kuamua kumsubiri, au kumwambia mapema kwamba haiwezi, naye akajaribu kukubaliana na mwajiri wake apunguziwe ilani. Mahojiano ya simu hayana shida, kwani saa za Doha ni sawa na za Kenya. Jambo lililohitaji kuangaliwa zaidi lilikuwa leseni. Leseni ya Qatar haichukui nafasi ya ile ya Baraza la Wauguzi la Kenya, na yake ya Kenya ilikuwa imeisha muda. Aliombwa aanze kuihuisha kabla ya mahojiano.

Kwa upande wa mwombaji, njia ya mkato ni kuandika anwani ya shangazi aliyeko Voi na kunyamaza. Njia hiyo hukwama siku anapoitwa kwa mahojiano Jumatatu, naye tikiti ya ndege ni ya wiki ijayo. Aliyeajiriwa asipofika, wodi hubaki na pengo, na aliyekuwa wa pili kwenye orodha huwa ameshapata kazi kwingine.

Mstari mmoja chini ya jina unatosha: "Kwa sasa niko Doha, naweza kuripoti Voi siku 60 baada ya kupata barua, nauli na makazi nitajigharamia." Asiandike la nauli kama hataliweza. Aliyekwisha kurudi aandike mji aliopo leo na nambari ya simu inayopatikana hapa nchini.

Mstari huo humwezesha afisa kupima jambo moja tu: kama siku alizotaja mwombaji zinaingia katika siku ambazo wodi inaweza kusubiri.