Jengo Kuinuka kwa Dakika Moja
(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)

Ndugu wajumbe, wengi mmeuliza jinsi ya kutengeneza ile filamu ambayo jengo linainuka kutoka msingi hadi mabati kwa dakika moja tu. Hiyo ni picha za kawaida, zilizopigwa moja moja kutoka mahali pamoja, kisha zikapangwa zifuatane. Sekunde moja ya filamu hula picha 25.

Basi tupige hesabu. Tuseme kikundi kinajenga ghala la mahindi kwa siku 48, saa 10 kila siku. Hizo ni saa 480. Filamu ya dakika moja inataka picha 1,500. Ukipiga picha moja kila dakika 20 unapata 1,440, yaani karibu inatosha. Lakini siku ya kumwaga zege kazi yote huisha jioni. Kwa mpango huo utapata picha 30, sekunde moja na kidogo, na hakuna atakayeona kitu. Siku hiyo piga kila dakika moja: picha 600, sekunde 24.

La pili ni uthabiti. Stendi ya miguu mitatu inafaa kwa siku moja, ukiinyonga mfuko wa mchanga katikati. Kwa wiki nane, hapana. Simika nguzo kwa zege, mbali na njia ya lori, na ufunge simu au kamera kwa bolti. Umeme uje kwa waya, kwa maana kila ukiitoa kuichaji hairudi palepale, na jengo litaonekana likiruka. Elekeza kamera kaskazini au kusini, jua la asubuhi na la jioni lisiipige usoni.

La tatu ni kumetameta: filamu inacheza mwanga kama koroboi kwenye upepo. Tazama ukuta uliokwisha kujengwa. Ukiwaka na kufifia bila sababu, ndiyo hiyo. Huletwa na kamera kupima mwanga upya kila picha. Wingu likipita, au mabati mapya yakimeremeta, inabadilisha kipimo. Kwa hiyo funga rangi na umbali wa kuona visijibadilishe vyenyewe. Siku ya zege, kama anga ni tulivu, funga na kipimo cha mwanga pia. Kwa wiki nyingi za jua na mvua kiache, kisha urekebishe kwenye kompyuta. Programu ya bure `ffmpeg` ina kichujio `deflicker`, ambacho hulinganisha mwanga wa kila picha na wa jirani zake. Lakini vivuli vinavyorukaruka hakiviondoi. Picha za giza zitoe mwenyewe kwanza.

Kabla ya kuchimba msingi, jaribuni saa moja, picha kila dakika. Mtapata sekunde mbili na nusu hivi. Kama nguzo inatikisika, hapo mtaiona, na bado kuna nafasi ya kuongeza zege.