Ukiitoa TV, Intaneti Inapanda

Dada yangu anaishi Mombasa, na kwa miezi 10 sasa analipia kifurushi cha nyumbani cha intaneti na TV. Hiyo TV haiwashwi. Watoto wanatazama kila kitu kwenye simu. Mwezi huu alichukua ankara akaisoma: intaneti shilingi 4,500, TV 1,200, punguzo la kifurushi 1,500. Jumla 4,200. Akapiga simu kuomba TV iondolewe, akitarajia kulipa 3,000. Akaambiwa atalipa 4,500.

Alinipigia akiwa na hasira, akidhani ameibiwa. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Kosa ni jinsi ankara ilivyoandikwa, maana ile 1,200 iliyo mbele ya TV si bei ya TV. Punguzo la 1,500 limefungwa kwenye vitu viwili kwa pamoja. Ukitoa kimoja, punguzo lote linaondoka nacho, na intaneti inarudi kwenye bei yake ya peke yake.

Kwa nini kampuni ipange bei hivyo? Mwaka 1963 mchumi George Stigler wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kuhusu kampuni za filamu za Marekani zilizokuwa zikiuza filamu kwa mafungu. Hoja yake naileta kwetu. Chukua nyumba mbili. Ya kwanza iko tayari kulipa 4,000 kwa intaneti na 1,000 kwa TV. Ya pili, 2,500 kwa kila kimoja. Ukiuza kimoja kimoja, lililo bora ni kuweka intaneti 2,500 ili wote wanunue, na TV 2,500 anunue mmoja: unapata 7,500. Ukivifunga pamoja kwa 5,000, nyumba zote mbili zinanunua, unapata 10,000. Lakini mpango huo unaharibika iwapo intaneti peke yake inapatikana kwa bei nafuu, kwa sababu nyumba ya kwanza itaichukua hiyo na kuiacha TV. Ndiyo maana bei ya intaneti pekee hupandishwa. Na anayeumia ni mtu kama dada yangu, anayehitaji kimoja tu.

Basi unalinganishaje? Sahau mistari ya ankara. Uliza jumla mbili: nalipa ngapi kwa mwezi nikiwa na vyote, na nitalipa ngapi nikibaki na hiki kimoja, kila ada ikiwamo. Tofauti ya jumla hizo ndiyo bei halisi ya kile unachotaka kuacha. Kwa dada, TV ilionekana kugharimu chini ya sifuri: akiiacha anaongeza 300. Mhudumu akamshauri aibakishe.

Nikamwomba anisomee ankara mpaka chini. Kumbe kulikuwa na mstari mwingine, kodi ya king'amuzi, 400 kila mwezi, uliokaa mbali na bei ya kifurushi. Kwa hiyo kifurushi ni 4,600, si 4,200, na kuacha TV kunapunguza shilingi 100. Nikamwambia aulize pia kama hiyo intaneti ya 4,500 ina kasi ileile na kama kodi ya ruta imo ndani, kwa kuwa mara nyingi anayebaki na kimoja huhamishiwa mpango mwingine kabisa. Kasi ni ileile, ruta imo. Majibu hayo aliomba atumiwe kwa ujumbe wa maandishi.

Likabaki suala la muda, na hapa ndipo pesa nyingi zilipojificha. Punguzo la 1,500 ni la mkataba wa miezi 12. Baada ya hapo linashuka hadi 500, na kifurushi pamoja na king'amuzi kinafika 5,600. Tena kuvunja mkataba kabla ya wakati kuna faini ya 2,000.

Tukapiga hesabu ya mwaka mzima unaokuja. Akibaki na vyote: miezi 2 ya 4,600 na miezi 10 ya 5,600, jumla 65,200. Akiacha TV leo: miezi 12 ya 4,500 pamoja na faini, 56,000. Akisubiri miezi 2 mkataba uishe, ndipo aache: 54,200.

Mhudumu alisema kweli kuhusu bei ya mwezi huu. Ila dada halipi mwezi huu tu. Sasa amezungushia duara kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya mkataba, na siku 30 kabla yake, ambayo ndiyo siku ya kutoa taarifa. Miezi hiyo miwili ataitumia kuulizia kampuni nyingine zinazofika mtaani kwake zinatoza ngapi kwa intaneti pekee, kwa kasi hiyohiyo, gharama ya kuunganishwa ikihesabiwa ndani ya miezi 12.